Naomba ushauri: eksirei inaonyesha mkono wa pili, infraredi haionyeshi kitu

Habari zenu wanagrupu. Niko Kisumu, nasaidia kanisa moja kukagua picha yao ya zamani ya Bikira Maria, rangi ya mafuta kwenye turubai.

Tuliipiga eksirei kwa mashine ya kawaida ya kliniki, 45 kV. Chini ya joho la buluu umetokea mkono mweupe ulioinuliwa, ambao kwa macho haupo kabisa. Nadhani ni nyeupe ya risasi, maana ndiyo huzuia miale hivyo. Ila picha imefifia, na mbao za fremu ya nyuma zimekatiza vidole.

Kisha nikatumia kamera iliyotolewa filta yake ya ndani, nikaifunga filta ya nanomita 850. Usoni mistari ya mchoro wa awali imeonekana vizuri, myeusi kama ya makaa. Lakini joho lote limetoka jeusi tii, hata mkunjo mmoja hauonekani. Nashuku ni buluu ya Prasia, ambayo hunyonya miale ya infraredi.

Maswali yangu ni mawili. Je, nikipata kamera inayofika nanomita 1700 buluu hiyo itapenyeka, au nisipoteze hela? Na kwa eksirei, kuna aliyewahi kutumia mashine ya kupima matiti, inayoshuka hadi 28 kV? Fundi wa hapa anahofia turubai haitaenea pale mezani, na kusema kweli sijui nimjibu nini.

Asanteni.