Alama za ✓, ° na ½ kwenye mitihani: paneli ya Windows, Alt na namba, au Alt+X?

Steshenari_Mwanga
Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma, na msimu huu wa mitihani ya muhula nachapa karatasi za walimu mpaka usiku. Kinachonichelewesha ni alama tu. Kijana niliyekuwa naye zamani alinifundisha tiki kwa njia moja: unaandika P kubwa, unabadili fonti iwe Wingdings 2, P inageuka tiki. Herufi O inakuwa mkosi. Kwenye karatasi zinatoka safi kabisa.

Juzi mwalimu mmoja akaniomba nimtumie maelekezo ya mtihani kwenye grupu lao la WhatsApp. Nikakopi kutoka Word, nikabandika. Yakaenda hivi: "Weka alama ya vema (P) kwenye jibu sahihi na mkosi (O) kwenye jibu lisilo sahihi." Walimu wanaulizana mpaka leo P ni ya nini.

Nimeambiwa kuna njia tatu: kitufe cha Windows na kitone, Alt na namba, na Alt+X. Ipi ishike mtu anayechapa kurasa arobaini kwa siku? Nina laptopu ndogo ya Windows 10 isiyo na namba za pembeni, na kompyuta ya mezani ya zamani, Windows 7, yenye kibodi kubwa.

Alt_Mzee
Alt na namba, tumalize. Washa Num Lock, shikilia Alt, piga namba za pembeni, achia. 0176 ni nyuzi, 0189 ni nusu, 0188 ni robo, 251 ni tiki. Inafanya kazi popote: Word, Excel, barua pepe, mashine yoyote ya Windows. Mimi sijui paneli na sitaki kuijua.

mwl_kemia
Mzee wangu, 251 yako siyo tiki. Ile ni √, alama ya kipeuo cha pili. Najua karatasi nyingi za mitihani zinaitumia kama vema na watoto wamezoea, lakini ukiiweka kwenye mtihani wa Hisabati mwanafunzi atauliza kipeuo cha nini. Halafu kwenye laptopu yangu 251 hainipi hata hiyo. Inanipa ¹, moja ndogo ya juu.

Alt_Mzee
Basi kibodi yako ina shida, mwalimu. Mimi nimeipiga hiyo miaka na miaka.

Fundi_Gungu
Kibodi yake ni nzima. Namba isiyoanza na sifuri inasomwa kwenye jedwali la zamani la DOS, na jedwali hilo linafuata jinsi Windows ilivyowekwa. Iliyowekwa Kiingereza cha Marekani inasoma jedwali 437, na humo nafasi ya 251 ni √. Iliyowekwa cha Uingereza inasoma jedwali 850, na nafasi hiyohiyo ni ¹. Mzee na mwalimu wote mko sahihi, kila mtu kwa mashine yake.

Namba inayoanza na sifuri haina ugomvi huo kwa mashine zetu, kwa sababu inasomwa kwenye jedwali la Windows lenyewe. Ndiyo maana 0176 na 0189 zinakubali kwenu wote. Ila jedwali hilo lina nafasi 256 tu na ✓ haimo. Kwa hiyo kwa tiki, Alt ya namba za sifuri haikusaidii.

Sasa dada wa Mwanga. Tiki yako haikuwa tiki, ilikuwa P iliyovishwa nguo. Wingdings ni fonti inayochora picha mahali pa herufi, ila chini yake herufi inabaki P. WhatsApp haichukui fonti, inachukua herufi, ndipo P ikabaki uchi. Ni ugonjwa uleule wa barua pepe za maofisini zenye ü mwanzoni mwa kila mstari. Mtu aliweka vitiki vya Wingdings kwenye orodha, vikasafiri bila fonti yao. Kujua ipi ni ipi ni rahisi: ichague alama yenyewe, badili fonti iwe Arial au Times. Ikigeuka herufi, ni nguo. Ikibaki tiki, ina namba yake yenyewe.

Tiki yenye namba yake ni 2713, mkosi ni 2717. Kwenye Word unaandika namba hiyo kama maneno ya kawaida, kisha unabonyeza Alt pamoja na X:

```
2713  Alt+X  →  ✓
2717  Alt+X  →  ✗
00BD  Alt+X  →  ½
2082  Alt+X  →  ₂
```

Haihitaji namba za pembeni, laptopu yako itakubali. Na Word yoyote ya kawaida inaijua, hata ikiwa kwenye Windows 7. Ukikuta alama kwenye faili la mtu na hujui namba yake, weka kasa mara baada yake ubonyeze Alt+X, itageuka namba. Bonyeza tena, inarudi alama.

binti_wa_Kasulu
Samahani naingilia. Mimi nachapa kadi za mahafali. Nilikopi bendera ya Tanzania kwenye mtandao nikabandika Word, imetoka herufi TZ tu. Nayo ni Alt+X?

Fundi_Gungu
Hapana mdogo wangu, hiyo ni kesi nyingine. Bendera kwenye emoji ni herufi mbili maalumu, T na Z, na simu ikiziona pamoja inachora bendera. Fonti ya emoji ya Windows haina bendera za nchi, kwa hiyo inakuonyesha hizo herufi zenyewe. Kwa kadi ya kuchapisha tafuta picha ya bendera uiingize kama picha. Hakuna kitufe kitakachokupa.

Steshenari_Mwanga
Nimejaribu Alt+X usiku huu. Tiki imekubali mara ya kwanza, nikashangilia peke yangu dukani. Nikaenda kwenye nyuzi: mtihani wa Biolojia una "joto la mwili ni 37°C". Nimeandika 37, nikaongeza B0, nikabonyeza Alt+X. Imekuja herufi moja ya Kichina na 37 yangu imemezwa! Nimeirudia mara tatu.

Fundi_Gungu
Hiyo nilipaswa kukuonya. Word inarudi nyuma ikikusanya chochote kinachofanana na namba ya aina hii, yaani tarakimu pamoja na herufi A mpaka F. Haijui kwamba 37 ni joto na B0 ni alama. Imesoma 37B0 kama kitu kimoja, na 37B0 kweli ni herufi ya Kichina. Dawa: andika 37B0, halafu chagua B0 peke yake kwa Shift na mshale wa kushoto, ndipo ubonyeze Alt+X.

mwl_kemia
Au uandike inavyotakiwa. Kwenye vipimo vya kimataifa kuna nafasi kati ya namba na kipimo: 37 °C, kama tunavyoandika 5 kg. Ukiweka nafasi, Word inasimama hapohapo na 37 yako iko salama. Tatizo limeondoka bila ujanja wowote. Tumia Ctrl+Shift+Space badala ya nafasi ya kawaida, ili 37 isibaki mwisho wa mstari na °C ikaangukia mstari wa chini.

Alt_Mzee
Vitabu vyangu vyote vya shule vilibananisha 37°C na tulifaulu.

mwl_kemia
Hata wenzangu ofisini wanabananisha. Sijawashinda bado.

Kikoba_Tabora
Wakuu, mimi niko Tabora mjini, natunza hesabu za kikoba, na nataka kuongeza jambo ambalo lilitula hela. Kila mwisho wa mwezi natuma SMS kwa wanachama wote kupitia kompyuta. Nilikuwa naandika ujumbe kwenye Word kwanza, wa herufi 150, chini ya zile 160 za SMS moja. Mwezi mmoja salio likakatwa mara tatu ya kawaida. Nimehangaika, kumbe ni neno "ng'ombe", maana kuna mwanachama alilipa kwa kuuza ng'ombe wake. Word inakipinda kile kialama juu ya ng kikawa ’ badala ya '. Herufi moja tu isiyo kwenye orodha ya SMS inashusha nafasi kutoka 160 hadi 70, na ujumbe mrefu unakatwa vipande vya 67. Herufi 150 zikawa SMS tatu. Nusu, nyuzi, tiki, emoji, zote zinafanya hivyohivyo, na emoji moja inakula nafasi mbili. Sasa naandika kwenye Notepad.

Steshenari_Mwanga
Duh. Kaka wa Tabora, asante, maana shule moja hunipa SMS za wazazi nizichape na nilikuwa nataka kuzipamba.

Alt_Mzee
Ukitaka kubaki Word, kikipinda tu bonyeza Ctrl+Z mara moja. Kinanyooka na neno linabaki. Hilo nalijua.

Steshenari_Mwanga
Na ile ya kitufe cha Windows na kitone? Hakuna aliyeisemea.

Fundi_Gungu
Kwenye laptopu yako ipo, bonyeza kitufe cha Windows na kitone, paneli inafunguka palipo na kasa. Kuna emoji, na kuna kichupo cha alama chenye ×, ÷ na nyinginezo. Kompyuta ya Windows 7 haina kabisa, usihangaike nayo. Uzuri wake inafanya kazi nje ya Word, kwenye WhatsApp ya kompyuta au Excel, ambako Alt+X haisaidii. Ubaya wake kwa kazi yako ni kwamba unatafuta kwa macho, na ukichukua tiki kwenye emoji unapata ✔ nene au ✅ ya kijani, ambayo kwenye printa yako nyeusi itatoka kisanduku cha kijivu. Kwa Excel mimi hutumia hii:

```
=UNICHAR(10003)
```

Ni ile 2713 iliyogeuzwa namba ya kawaida. Inahitaji Excel 2013 au ya baadaye.

Kwa kurasa arobaini kwa siku, mimi nisingebonyeza hata Alt+X kila mara. Tengeneza tiki mara moja, ikopi, nenda File, Options, Proofing, AutoCorrect Options. Kwenye Replace andika kifupi chako, mfano tkk, kwenye With bandika ✓. Kuanzia hapo ukiandika tkk na nafasi, inakuja yenyewe. Chagua kifupi ambacho si neno la Kiswahili.

Steshenari_Mwanga
Nimeweka tkk na mkk, zinaenda kama maji. Nimejaribu nzc iwe °C. Nikibananisha 37nzc inagoma, nikiacha nafasi 37 nzc inakubali. Kwa hiyo mwalimu wa kemia ameshinda kwangu, si kwa sababu ya vipimo vya kimataifa bali kwa sababu ya uvivu.

Swali la mwisho: hivi vifupi vipo kwenye laptopu tu. Kuvihamishia kompyuta ya mezani bila kuandika upya kimoja kimoja, kuna anayejua?

Alt_Mzee
Andika upya, ni vitatu tu.

Steshenari_Mwanga
Vimeshafika kumi na moja, mzee.