Mamia ya istilahi za GO baada ya DESeq2: simplify, REVIGO, topGO au GSEA?

mwanafunzi_rna

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kabla sijagusa data yangu ya tasnifu nafanya mazoezi kwa data ya wazi, GSE52778: seli za misuli laini ya njia ya hewa kutoka kwa watu wanne, kila mtu ana sampuli iliyotiwa deksamethasoni kwa saa 18 na nyingine isiyotiwa. Nimepitisha DESeq2, nikachukua jeni zote zenye padj chini ya 0.05 na kuzitia kwenye enrichGO.

Zimerudi istilahi mamia. Za juu ni `extracellular matrix organization`, `extracellular structure organization` na `external encapsulating structure organization`. Baada ya hapo kuna mishipa ya damu, mifupa, figo, na chini zaidi `circadian rhythm`. Msimamizi wangu anataka aya mbili na mchoro mmoja tu. Nimesoma habari za simplify, REVIGO, topGO na GSEA, kila moja ina watu wanaoisifu. Ninyi mnatumia ipi? Na je, naweza kuandika kwamba dawa hii inagusa saa ya mwili?

mchoraji_wa_R

Mbona rahisi, ndugu. `dotplot(ego, showCategory = 15)` halafu punguza ukubwa wa maandishi. Majina marefu yanajikunja yenyewe ukiweka `label_format = 40`. Mchoro utaenea vizuri kwenye ukurasa mmoja.

mwanafunzi_rna

Asante kaka, lakini shida yangu si nafasi kwenye ukurasa. Nikichukua 15 za juu, nyingi zinasema jambo lile lile kwa majina tofauti. Nataka kujua ni mambo mangapi hasa yametokea kwenye seli.

takwimu_kwanza

Kabla ya kuchagua chombo cha kupunguza orodha, tuangalie kama orodha yenyewe ilistahili kuwa ndefu. Uliweka nini kwenye `universe`? Usipoweka kitu, enrichGO inalinganisha jeni zako na jeni zote za binadamu zenye maelezo ya GO. Seli za misuli laini hazitumii zote hizo. Jeni za ubongo na za manii hazikuwa na nafasi yoyote ya kuingia kwenye orodha yako, lakini umezihesabu kama zilishindanishwa.

Chukua mfano wa kufikirika. Istilahi ina jeni 200 kati ya jeni 20,000 zenye maelezo, na wewe una jeni 600 zilizobadilika. Kwa bahati tu ungetarajia 6 ziangukie humo. Umepata 14, p inakuja karibu 0.003, unafurahi. Sasa rudia kwa jeni 12,000 ambazo seli hizi zinazitumia kweli. Kati ya zile 200, tuseme 180 zinatumika humu, kwa sababu ni istilahi ya kazi ambayo seli za aina hii huifanya kila siku. Matarajio yanapanda hadi 9, na 14 zile zile zinakupa p karibu 0.07. Dawa haikubadilika, umebadilisha tu unacholinganisha nacho. Istilahi ya namna hii inaeleza tishu uliyoichukua, haielezi dawa.

DESeq2 inakupa orodha hiyo bila kazi ya ziada, kwa sababu jeni zenye hesabu ndogo mno huachwa na padj ya NA:

```r
msingi <- rownames(res)[!is.na(res$padj)]
juu <- rownames(res)[which(res$padj < 0.05 &
                           res$log2FoldChange > 1)]
ego <- enrichGO(juu, universe = msingi, OrgDb = org.Hs.eg.db,
                keyType = "ENSEMBL", ont = "BP")
ego2 <- simplify(ego, cutoff = 0.7)
```

Fanya hivyo hivyo kwa zilizoshuka, peke yake. Ukizichanganya utapata istilahi ambayo nusu ya jeni zake zimepanda na nusu zimeshuka, na sentensi yoyote utakayoiandika juu yake itakuwa tupu. Na ukichukua kila jeni yenye padj chini ya 0.05 kwenye data hii unabeba maelfu, nyingi zikiwa zimebadilika kidogo sana.

gsea_daima

Mimi nasema achana na orodha za kukata kabisa. Panga jeni zote kwa takwimu ya DESeq2, tia kwenye fgsea. Hakuna kizingiti cha kubishania, hakuna `universe` ya kusahau, na tatizo lako limekwisha.

takwimu_kwanza

Kuhusu kizingiti uko sahihi kabisa, na pale mabadiliko yanapokuwa madogo lakini ya pamoja, mimi mwenyewe naanza na njia hiyo. Tatizo aliloleta mwenzetu haliishi lakini. Istilahi tatu zenye jeni zile zile zitapanda zote tatu kwenye GSEA pia. Ndiyo maana fgsea ina `collapsePathways`.

Halafu kuna jambo linalonisumbua zaidi. fgsea inachanganya majina ya jeni kutafuta p, kana kwamba kila jeni inajiendea kivyake. Jeni za kundi moja huenda pamoja hata bila dawa, kwa hiyo p zinakuwa ndogo kuliko haki yake. Dawa ya hilo ni kuchanganya sampuli badala ya jeni, lakini kwa watu wanne wenye jozi zao kuna njia 16 tu za kubadilishana, na p ndogo kabisa unayoweza kuipata ni 1/16. Ukiwa na sampuli chache hivi, jaribu `camera` ya limma, ambayo inazingatia uhusiano huo.

gsea_daima

Hilo la 16 nimelikubali. Bado naona ni bora kuliko kukata kwenye log2FoldChange ya 1, namba ambayo hakuna anayeweza kuitetea.

mbu_na_jeni

Naomba nilete ya kwangu, maana inafanana. Tunalinganisha mbu wa *Anopheles gambiae* wenye usugu kwa pirethroidi na wale wasio na usugu. Zimepanda jeni za P450, CYP6P3 na CYP6M2 zikiwemo, kama tulivyotegemea. GO ikatupa `monooxygenase activity`, `heme binding`, `iron ion binding` na ile ndefu ya `oxidoreductase activity, acting on paired donors`. Mwenzangu akaanza kuandika aya nzima kuhusu madini ya chuma kwenye mbu sugu. Tulipita simplify, zikabaki karibu zote. Kwa nini haikuziunganisha?

Bi_Maabara

Mwanangu, hapo ndipo kiini cha swali zima kilipo, na cha huyu wa deksamethasoni pia.

simplify na REVIGO zinaangalia jinsi istilahi zinavyokaribiana kwenye mti wa GO. Hazitazami jeni zako. Zile tatu za matriksi ziko karibu sana kwenye mti, kwa hiyo zitaunganishwa na chombo chochote. Lakini kushika heme na kufanya kazi ya monooksijenasi ni matawi mawili yaliyo mbali, hivyo chombo kinaamini umegundua mambo mawili. Kumbe kwenye mbu maelezo hayo mengi yamewekwa kwa kompyuta kutokana na umbo la protini: protini ikionekana ina umbo la P450 inapewa yote manne kwa mpigo. Mmepima kitu kimoja, kimeandikwa mara nne.

Kwa hiyo fungua safu ya `geneID`. Weka jeni kwenye mistari na istilahi kwenye safu, utaona kwa macho. Kisha toa P450 zote kwenye orodha ya zilizopanda na kwenye msingi, rudia. Kama `iron ion binding` inatoweka, haikuwa na hoja yake yenyewe. Kama inabaki kwa sababu kuna ferritini na jeni nyingine za chuma, hapo mwenzako ana aya ya kuandika.

mbu_na_jeni

Nimeangalia sasa hivi. Ferritini hazipo kwenye zilizopanda. Ni P450 tupu.

mwanafunzi_rna

Na topGO je? Nimesoma kwamba `weight01` inajua mti wakati wa kupima, haisubiri mwisho.

takwimu_kwanza

Ndiyo, na kwa tatizo la mzazi na mtoto naiona bora kuliko simplify. Kwenye GO, jeni iliyopewa istilahi ya mtoto inahesabiwa kwa wazazi wote hadi juu, kwa hiyo mzazi huonekana muhimu kwa jasho la mtoto wake. `weight01` inampunguzia mzazi sifa hiyo, ilhali simplify inabakiza tu yenye p iliyorekebishwa ndogo kuliko jirani zake, hata kama jirani alikuwa na jina linaloeleza vizuri zaidi.

Ila p za `weight01` zinategemeana kwa makusudi. Usizipitishe kwenye BH halafu ukaandika FDR kama kawaida, kwani hata waandishi wa topGO wanaeleza kwamba nadharia ya marekebisho hayo haiingii moja kwa moja. Na kwa kisa cha mbu isingesaidia sana, matawi yale hayana uhusiano wa mzazi na mtoto.

Bi_Maabara

Tusisahau saa ya mwili aliyoiulizia. Mdogo wangu, ni jeni zipi zimo ndani ya `circadian rhythm`?

mwanafunzi_rna

Chache. PER1 ndiyo iliyopanda kwa nguvu, nyingine ni ndogo ndogo. PER1 hiyo hiyo iko pia kwenye istilahi nyingine kadhaa.

Bi_Maabara

PER1 inaitikia glukokotikoidi moja kwa moja, kama FKBP5, TSC22D3 na DUSP1. Kipokezi kinashika karibu nayo na kuiwasha. Kupanda kwake kunakuthibitishia kwamba dawa imefika na kipokezi kinafanya kazi, na hilo ulilijua tangu siku ya kutia dawa. Usiandike habari ya saa.

gsea_daima

Hapo nakupinga, dada. Deksamethasoni hutumika maabara kwa makusudi kuzipanga saa za seli zinazokuzwa kwenye sahani. Uhusiano na saa ni wa kweli, haujaletwa na GO peke yake.

Bi_Maabara

Ni wa kweli, sikatai. Ninachosema ni kwamba data hii ina saa moja tu ya kupima, ya 18. Mdundo unahitaji vipimo vingi ndani ya siku moja au mbili. Seli zenye saa iliyopangwa upya na seli ambazo PER1 imewashwa tu zingekupa istilahi ile ile kwenye orodha hii.

gsea_daima

Basi angetaja kama dhana ya kupima baadaye, kwa sentensi moja. Kuifuta kabisa ni kuficha kitu.

takwimu_kwanza

Mimi ningeitaja PER1 kwa jina lake na kuacha jina la istilahi. Msomaji atajua mwenyewe inahusiana na nini.

mwanafunzi_rna

Nimerudia: zilizopanda peke yake, msingi wa jeni zilizopimwa. Orodha imepungua kwa zaidi ya nusu, na istilahi za figo zimeondoka zote. Matriksi imebaki. Nilipotengeneza jedwali la jeni, mafungu manne yanaonekana wazi, ingawa fungu la mishipa ya damu na la matriksi yanachangia jeni nyingi. Niyahesabu kama moja au mawili?

Bi_Maabara

Toa zile jeni wanazochangia, upime kila fungu kwa zilizobaki. Halafu tuwekee hapa majina ya jeni zinazobaki upande wa mishipa, tuyaangalie pamoja. Kama ni tatu au nne tu, mimi ningeliandika fungu moja.