Mgonjwa analishwa kwa mrija saa 24: glajini moja, au sindano za kila saa sita?

Muuguzi wa wodi: Wakuu, tuna mzee wa kiharusi mwenye kisukari aina ya pili. Pampu inampa chakula mililita 60 kwa saa kupitia mrija wa puani, usiku na mchana. Sukari 15 hadi 18. Tunamchoma insulini mumunyifu pale tu inapopanda. Daktari mmoja anataka glajini moja ya siku, mwingine hataki. Nani yuko sahihi?

Daktari wa ndani: Kwanza acheni kusubiri ipande, mtaikimbiza hivyo hadi atoke wodini. Chakula hakikatiki, insulini nayo isikatike. Soma kopo. Likiwa na wanga gramu 13 kwa mililita 100, mililita 1,440 za siku zina gramu kama 187. Yuniti moja kwa gramu 15 ni kama 12, yaani mumunyifu 3 kila saa sita. Hiyo ni ya chakula. Ya mwili, kama nyumbani hakuchoma insulini, anza na NPH 5 asubuhi na 5 jioni. Kipimo kikizidi 10, ongeza kidogo, na kesho nyongeza hizo ziingie kwenye dozi ya kudumu. Tunalenga 7.8 hadi 10.

Mfamasia: Jumla yako ni 22. Mpe glajini 22 mara moja, yaishe. Wodi ya wagonjwa 30, nani ana muda wa sindano hizo zote?

Daktari wa ndani: Jumla ni ileile, mfamasia, na hoja ya muda naielewa. Lakini mrija ukichomoka saa nane usiku, glajini yote iko mwilini na chakula hakuna. Mumunyifu ninaweza kuisimamisha, inayofuata haichomwi.

Mtoto wa mgonjwa: Mama yangu nyumbani tunamwekea uji kwa bomba mara tano kwa siku. Na yeye kila saa sita?

Daktari wa ndani: Hapana, ndugu yangu. Huyo anakula milo, sindano yake hufuata mlo. Usibadili dozi kwa maelezo haya, rudi kliniki.

Muuguzi wa ICU: Kwetu ulichomoka kweli. Mgonjwa alilala kimya tukadhani ni kiharusi chake, kumbe sukari 2.4. Sasa mrija ukitoka tu, dextrose ya asilimia 10 inaingia kwa kasi ileile ya chakula, na tunapima kila saa.

Muuguzi wa wodi: Usiku tuna ya 5 na ya 50 tu.

Muuguzi wa ICU: Weka mililita 60 za ile ya 50 ndani ya chupa ya 500 ya asilimia 5, utapata karibu 10. Usikimbize ya 5 maradufu, maji yatamzidi mtu wa kiharusi.

Mfamasia: Basi dextrose ikiandikwa kwenye faili tangu siku ya kwanza, glajini inakataliwa kwa nini?

Daktari wa ndani: Kwa wodi ambayo usiku ina muuguzi mmoja, bado siiandiki. Kwa ICU, tunaweza kuzungumza.