Kuhifadhi kadi: kwenye Chrome au kwenye duka lenyewe?

Kibo78: Wakuu, leo usiku naagiza mashine ya kushonea mtandaoni, na vipuri nitakuwa nanunua mara kwa mara. Chrome inauliza ihifadhi kadi, duka nalo linauliza. Niikubalie ipi?

Mwanaidi_T: Hujasema kadi ni ya aina gani, wala kama unatumia simu yako au kompyuta ya watu.

Juma wa Tandika: Weka Chrome. Duka linahifadhi mpaka zile tarakimu tatu za nyuma, ndiyo maana mara ya pili huulizwi.

Mchakataji: Hapana, kaka Juma. Masharti ya kampuni za kadi yanakataza duka kubaki na hizo tatu malipo yakishaidhinishwa. Mara ya pili ombi linakwenda bila hizo. Na duka lililojipanga halina hata namba yako. Ukikubali ihifadhiwe, inakwenda kwa kampuni inayochakata malipo, duka linarudishiwa tokeni, yaani alama inayosimama badala ya namba ya kadi, na tarakimu nne za mwisho za kukuonyesha. Ukibonyeza nunua, linatuma tokeni na kiasi tu. Anayeiba kumbukumbu za duka hawezi kuitumia tokeni hiyo kwenye duka jingine.

Chrome kwa kawaida inajaza namba nzima, zote 16, kwenye visanduku vya ukurasa. Ukurasa ukiwa umepandikizwa msimbo wa wizi, namba imeondoka.

Neema K: Mimi tokeni haikunisaidia. Kuna duka nilihifadhi kadi, pasiwedi yangu ni ileile ya barua pepe. Mtu akaingia, akabadilisha anwani ya kupelekea mzigo, akabonyeza mara moja, simu ya bei mbaya ikaondoka. Namba ya kadi hakuiona kabisa! Duka likasema akaunti ni yangu, benki ikasema malipo ni halali. Nilihangaika wiki nzima.

Mchakataji: Pole sana, dada Neema. Tokeni inaficha namba, akaunti inalindwa na pasiwedi yako na ujumbe wa uthibitisho.

Juma wa Tandika: Kwa hiyo Google Wallet nayo ni ileile ya Chrome?

Mchakataji: Siyo. Ukigusisha simu dukani, inatoa namba mbadala. Tazama risiti: tarakimu nne za mwisho hazifanani na za kwenye plastiki.

Kibo78: Kadi ni ya debiti, ndiyo inayopokea mshahara. Kompyuta ni ya shemeji, dukani kwake.

Mwanaidi_T: Ungesema mapema! Kwenye hiyo kompyuta usihifadhi popote, na ukimaliza utoke kwenye akaunti.

Juma wa Tandika: Chrome si inaomba uthibitisho kabla ya kujaza?

Mwanaidi_T: Kwenye kompyuta ya shemeji, anayethibitisha ni nani?

Neema K: Mie nauliza jingine. Benki ilinipa kadi mpya, lakini malipo ya filamu ya kila mwezi yanaendelea kukatwa na sijawapa namba mpya. Wameipata wapi?

Mchakataji: Pengine tokeni ilihamishiwa kadi mpya na mtandao wa kadi wenyewe. Ghairi huko kwenye filamu, kubadilisha kadi hakutoshi.

Kibo78: Na vipuri je? Kila mara nichape namba yote?