Kashauti 104,000 sasa hivi au nisubiri 200,000 kesho? Nipeni ushauri

MtotoWaMbagala: Wakuu habari za jioni. Nina mkeka wa mechi tano, nne zimetiki, imebaki moja. Ikitiki nayo nakula laki mbili. Kampuni inanipa kashauti 104,000. Nibonyeze au niache? Naomba majibu ya haraka, hii ofa inapanda na kushuka.

Kamanda_wa_Odi: Mkuu umeandika kama unatuma telegramu. Dau lilikuwa shilingi ngapi? Mechi iliyobaki umempa nani, odi yake sasa ni ngapi, imeanza au bado? Bila hivyo hapa tutakuwa tunapiga ramli.

Bibi_Shamba: Kashauti siku hizi makato yamezidi, wajukuu. Juzi nimetoa elfu hamsini kwa wakala, tozo nusura nilie. Bora uiache humohumo kwenye simu ulipie umeme.

Kamanda_wa_Odi: Shikamoo Bibi. Hii siyo ya kwa wakala, ni ya kubeti. Mtu anauza mkeka wake kwa kampuni kabla mechi hazijaisha.

Bibi_Shamba: Marahaba. Kumbe hata hiyo inauzwa. Haya.

Mzawa_Tanga: Bonyeza haraka sana. Laki moja mfukoni, dau hata hatujui lakini lazima ni dogo. Usiwe na tamaa.

MtotoWaMbagala: Samahani wakuu. Dau 5,000, odi ya jumla 40. Mechi ya mwisho ni kesho saa moja usiku, bado haijaanza. Nimempa mwenyeji ashinde. Nilipoweka alikuwa 1.70, sasa yuko 1.60. Sare 3.80, mgeni 5.50.

Fundi_Hesabu: Hapo sasa tunaongea. Hesabu ni rahisi, ila hawa jamaa hawataki uijue. Chukua dau mara odi ya mwanzo, gawa kwa odi iliyobaki: 5,000 × 40 ÷ 1.60 = 125,000. Hicho ndicho mkeka wako unastahili. Wanakupa 104,000, kwa hiyo wamekunyofoa 21,000 mchana kweupe.

Kamanda_wa_Odi: Fundi, njia ni hiyo lakini umewasingizia kidogo. Hiyo 1.60 tayari ina faida ya kampuni ndani yake. Geuza odi zote tatu ziwe asilimia: 100 gawa kwa 1.60 ni 62.5, gawa kwa 3.80 ni 26.3, gawa kwa 5.50 ni 18.2. Jumla ni 107, na mechi moja haiwezi kuwa na uwezekano zaidi ya 100. Hiyo 7 ya ziada ndiyo wanayokulia siku zote. Ukiiondoa, mwenyeji anabaki na kama asilimia 58. Laki mbili mara hiyo ni karibu 117,000. Basi ofa ya 104,000 iko chini kwa kama 13,000, asilimia 11 hivi. Umelipa faida yao ulipoweka mkeka, sasa unalipa tena unapotoka.

Fundi_Hesabu: Sawa, nimekuelewa. Lakini bado ni wizi.

Kamanda_wa_Odi: Ni biashara. Kwa mechi moja iliyobaki, asilimia 11 inaumiza ila siyo balaa. Ubaya wenyewe ni pale mechi nyingi zikiwa bado, maana kila mechi inabeba makato yake na yanazidishana. Mtu ana mkeka wa mechi nane, imetiki moja, anaona ofa iko juu kidogo ya dau lake anashangilia. Hapo ndipo anapouza kwa bei ya kutupa.

Mzawa_Tanga: Mnasahau kwamba hawa watu wanajua matokeo. Wakikupa ofa kubwa ujue mkeka unatiki, wanakukimbia.

Kamanda_wa_Odi: Ofa ni kubwa kwa sababu odi imeshuka, basi. Wangekuwa wanajua matokeo, mwenye mkeka unaochanika wasingempa hata mia.

Dogo_Laivu: Mimi naogopa kashauti ya wakati mpira unachezwa. Mkeka wangu ulikuwa wa 90,000, timu yangu inaongoza 1-0, dakika ya 78, ofa 71,000. Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu ujumbe: ofa imebadilika, unakubali 63,000? Nikawa najiuliza kwa nini ishuke wakati kwenye runinga mpira uko katikati ya uwanja. Nikarudia kubonyeza, kitufe kikafungwa chote, cha kijivu. Sekunde chache baadaye ndiyo naona wageni wanaingia ndani ya boksi, beki wetu anaangusha mtu, penati. Refa akaenda kwenye VAR, dakika nzima kitufe kimefungwa. Wakafunga. Kilipofunguliwa ofa ilikuwa 11,000. Nikaacha kwa hasira, ikaisha 1-1. Huduma kwa wateja wakaniambia nisome masharti.

Kamanda_wa_Odi: Pole dogo. Runinga yako iko nyuma ya uwanja kwa sekunde kadhaa, na ukitazama kwa intaneti ni zaidi. Wao wanapata taarifa kutoka uwanjani moja kwa moja, na kile kiduara ni kusubiri kwa makusudi waone kama kuna hatari. Kwa hiyo kashauti ya laivu inakubali upesi pale isipohitajika.

Mombasa_Raha: Wadau, mwakumbuka Leicester? Msimu wa 2015/16 walianza kwa odi ya 5,000 kwa 1. Iliripotiwa Machi 2016 kuna mtu alikuwa ameweka pauni 50, angepata 250,000, akauza kwa 72,335. Tarehe 2 Mei Chelsea na Tottenham wakatoka 2-2, Leicester bingwa. Huyo jamaa sijui alilala vipi.

Fundi_Hesabu: 72,335 kwa 250,000 ni asilimia 29 tu. Na walikuwa wanaongoza ligi! Alipigwa.

Mombasa_Raha: Kwa hesabu sawa. Lakini ndugu yangu, pauni elfu sabini kutoka hamsini, wewe ungekataa? Huyo alinunua usingizi.

Fundi_Hesabu: Ningetoa nusu. Kuna kampuni zinaruhusu kuuza sehemu ya mkeka.

Kamanda_wa_Odi: Turudi kwa mwenye uzi. Mkuu, kuna njia ya tatu kwa sababu mechi haijaanza. Weka sare na mgeni kwenye kampuni nyingine: kama 52,600 kwenye sare, 36,400 kwa mgeni, jumla 89,000. Yoyote kati ya hizo ikitokea unapata kama laki mbili, mwenyeji akishinda mkeka wako unalipa laki mbili. Toa 89,000, unabaki na 111,000 kwa vyovyote. Ni 7,000 zaidi ya ofa yao.

MtotoWaMbagala: Mkuu hiyo 89,000 naitoa wapi? Ningekuwa nayo ningebeti mkeka wa elfu tano?

Mzawa_Tanga: 😂😂 Kamanda anashauri matajiri.

Dogo_Laivu: Na kodi ya ushindi je? Huko kwa pili nako wanakata. Hiyo 7,000 inaweza kuliwa yote.

Kamanda_wa_Odi: Hilo ni kweli, kodi inaweza kugeuza hesabu. Basi kwake yamebaki mawili: 104,000 ya uhakika, au asilimia 58 ya laki mbili kabla ya kodi. Ikiwa laki moja ina kazi wiki hii, bonyeza. Ikiwa ni ya starehe, mimi nisingeuza.

Fundi_Hesabu: Je, na kashauti yenyewe inakatwa kodi ya ushindi, au inahesabiwa vingine? Mwenye uhakika aseme.

Mombasa_Raha: Huku Kenya makato yetu ni tofauti, siwezi kukujibu la kwenu.

MtotoWaMbagala: Wakuu ofa imeshuka hadi 98,000 tukiwa tunabishana hapa. Mwenyeji kapanda 1.68. Kuna mchezaji kaumia au?

Mzawa_Tanga: Nilikwambia ubonyeze.

Kamanda_wa_Odi: Angalia taarifa za kikosi chao kwanza kabla hujagusa kitu. Ni ligi gani hiyo, mbona hujataja?