Mota ya kinu imeungua: nani alipe, bosi au kijana wa mashine?

Shangazi wa Isevya: Kijana wetu anaendesha mashine ya kukoboa mpunga hapa Tabora, mshahara 320,000. Juzi mota imeungua akiwa zamu. Bosi anasema mota mpya ni 1,200,000 na ataanza kumkata 160,000 kila mwezi mpaka iishe. Kwenye mkataba alisaini kwamba "atalipia kifaa atakachoharibu". Je, ni halali?

Mwenye Kinu: Alisaini, alipe. Mkataba ni mkataba. Na tuseme ukweli, vijana wa mashine ndio wanaounguza mota. Ovalodi, ile kinga inayokata umeme mota ikizidiwa, ikikata, badala ya kuita fundi wanachomeka kijiti kwenye kontakta, swichi ya kuwashia mota, ishike kwa nguvu. Halafu mota ikiungua ni "umeme mbovu".

Katibu Tawi: Mzee, sahihi ile haitoshi. Soma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Makato ya uharibifu yana masharti, na yanakwenda pamoja, huchagui moja ukaacha jingine. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Bosi amwandikie sababu, kiasi, na hesabu ilivyofikiwa. Ampe nafasi ya kweli ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Makato yasizidi robo ya ujira wa fedha. Na juu ya hayo yote, mfanyakazi akubali deni hilo kwa maandishi. Robo ya 320,000 ni 80,000. Hiyo 160,000 ni nusu ya mshahara, kwa hiyo haipiti hata kama kijana angekuwa na kosa asilimia mia.

Mwalimu Mstaafu: Nasahihisha kidogo. Sio robo, ni theluthi. Mtumishi hapaswi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara. Kwa hiyo bosi anaruhusiwa kukata hadi theluthi mbili, na 160,000 iko ndani.

Katibu Tawi: Shikamoo mwalimu. Theluthi unayoisema ni ile ya watumishi wa umma na mikopo yao, kiasi kinachopaswa kubaki mkononi. Hapa ni kinu cha mtu binafsi na ni fidia ya kifaa. Kanuni hizo mbili zinachanganywa sana, na anayeumia ni mfanyakazi.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Kwa fidia ya kifaa nimekuelewa. Kwa mkopo nabaki na theluthi yangu.

Fundi Kusuka: Mnagombania robo na theluthi kabla hamjajua mota imekufa kwa nini. Shangazi, mota ipo wapi sasa? Kama bado haijakatwa koili, wahini. Koili za mota ya fezi tatu zinaeleza zenyewe. Zikiwa nyeusi zote sawasawa, mota ilizidiwa na mzigo au umeme ulishuka muda mrefu. Zikiwa zimeungua kwa makundi, fezi moja ilipotea. Mota iliyofungwa sta utaona makundi mawili meusi na moja safi. Ya delta ni kinyume, moja jeusi na mawili safi. Fundi akishakata koili ili asuke upya, ushahidi umekwenda kwenye chuma chakavu. Pigeni picha pande zote mbili za mota, na picha ya kibao chake.

Mwenye Kinu: Na kijiti nacho kitaonekana kwenye koili?

Dada wa Ng'ambo: Kijiti, kijiti! Nani anamwambia kijana aweke kijiti? Magunia yamejaa uani, wateja wanapiga kelele, bosi anapiga simu kila dakika kumi "mashine isisimame". Akiita fundi anaambiwa anapoteza siku. Leo mota imeungua, kijiti kimekuwa cha kijana peke yake.

Mwenye Kinu: Usinisemee. Mashine ikisimama hasara ni ya mwenye mashine, si ya kijana. Hakuna mwenye akili anayeagiza kijiti.

Dada wa Ng'ambo: Haagizi kwa mdomo, anaagiza kwa kutoleta fundi. Ovalodi inayokata kila siku mwezi mzima, mwenye mashine hajui?

Boda Kiloleni: Hata sisi wa mkataba tuko hivyo hivyo, pikipiki ikikata cheni au injini ikinoki ni juu yetu, na hesabu ya siku inatakiwa palepale. Hiyo sheria inatusaidiaje?

Katibu Tawi: Kaka, wewe hulipwi mshahara, wewe ndiye unapeleka hesabu. Hakuna ujira wa kukatwa, kwa hiyo kifungu hiki ni kigumu kukufikia. Angalia mkataba wako unasemaje kuhusu matengenezo makubwa.

Fundi Kusuka: Turudi kwenye kijiti, maana hapo ndipo kosa linapopimika. Mota ya hosipawa 10, yaani kilowati 7.5, kwa volti 400 inakula kama ampea 15 ikiwa na mzigo kamili. Kibao chake kinasema. Nenda kwenye boksi la kuwashia, tazama ovalodi imewekwa namba ngapi. Ikiwa kwenye 15, ilikuwa tayari kukata. Ukikuta 22, basi mtu aliipandisha ili isisumbue, na kazi hiyo hufanywa na fundi aliyeitwa na mwenye mashine. Kisha fungua kontakta utazame vidole vyake. Kimoja kikiwa kimeliwa na viwili vizima, fezi ilipotelea humo ndani, na huo ni uchakavu wa kifaa. Vikiwa vizima vyote, angalia fyuzi na nyaya zilizolegea.

Mwenye Kinu: Na mwendeshaji hana masikio? Fezi ikipotea mota inavuma vibaya.

Fundi Kusuka: Kweli, mzee. Ukiiwasha na fezi moja haipo, inavuma bila kuzunguka, na anayeendelea kulazimisha ana kosa. Ila ikipotea mota ikiwa tayari inazunguka, inaweza kuendelea. Mwendo unapungua na joto linapanda, na ndani ya kelele za kinu si rahisi kusikia. Ndiyo maana ovalodi ipo.

Katibu Tawi: Na bei je? Mota hiyo inasukwa?

Shangazi wa Isevya: Fundi wa bosi amesema kusuka ni 320,000.

Katibu Tawi: Basi hasara halisi si 1,200,000. Mota ya zamani ikisukwa inarudi kazini. Hata kijana akikutwa na kosa na akakubali kwa maandishi, ni 320,000 kwa 80,000, miezi minne. Asisaini karatasi yoyote yenye 1,200,000. Aombe kwa maandishi sababu na hesabu, abaki na nakala. Wakimkata bila hayo, ahifadhi karatasi ya mshahara inayoonyesha makato. Ajaze fomu CMA F.1, ampe bosi nakala kwanza, kisha aipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi pamoja na uthibitisho kwamba bosi ameipokea. Ana siku 60 tangu mgogoro uanze. Wakimfukuza, madai ya kufukuzwa yana siku 30 tu.

Mwenye Kinu: Na kama kosa ni nusu kwa nusu? Yeye kaweka kijiti, mimi ovalodi yangu iko juu?

Katibu Tawi: Kifungu hakigawanyi kosa kwa hesabu. Mimi ningesimamia kwamba sehemu iliyotokana na mwenye mashine si kosa la mfanyakazi, kwa hiyo haikatwi. Msuluhishi anaweza kuona vingine.

Mwenye Kinu: Basi wenye mashine tumeachwa peke yetu.

Dada wa Ng'ambo: Nunueni kifaa cha kulinda fezi muone kama mota zitaungua.

Shangazi wa Isevya: Nimempigia kijana. Mota iko kwa fundi tangu jana, koili hazijakatwa. Anakwenda na simu sasa hivi kupiga picha. Ovalodi amesema iko kwenye 20, na kijiti amekiri aliweka mara moja wiki iliyopita.