Ubatizo Jumapili ijayo, msimamizi amekataliwa. Nifanyeje?

BabaMpya_Moshi: Wakuu, shikamooni. Binti yetu ana miezi minne, anabatizwa Jumapili ijayo. Katekista amemkataa msimamizi tuliyemchagua, bila sababu ya maana. Gauni jeupe tayari, kadi zimechapwa na jina lake. Nihamie parokia nyingine?

Mama_Pacha: Pole. Wangu walibatizwa kwa magauni ya satini, wakalia misa nzima. Nunua pamba.

Mchagga_Halisi: Wasimamizi lazima wawili, mwanamume na mwanamke. Ndiyo maana umekataliwa.

Katekista_Mstaafu: Hapana, mmoja anatosha. Wakiwa wawili ndipo wawe wa kike na wa kiume. Kijana, huyo mtu ana kipaimara? Ametimiza miaka 16? Anasali wapi?

BabaMpya_Moshi: Ni mtu mzima, mcha Mungu kuliko wengi humu.

Katekista_Mstaafu: Nimeuliza anasali wapi.

BabaMpya_Moshi: KKKT. Lakini Mungu ni mmoja! Tena ndiye aliyenisomesha, na ng'ombe wa sherehe ni wake. Nitamwambiaje?

Jirani_Mbishi: Kumbe tunajadili ng'ombe 😂

Katekista_Mstaafu: Usihame, hata huko utaulizwa hilo hilo. Mlutheri aliyebatizwa anaruhusiwa kuwa shahidi, ila sharti awepo na msimamizi Mkatoliki kando yake. Tafuta mmoja jumuiyani, mwenye kipaimara, asiwe wewe wala mama wa mtoto. Kisha mpeleke kwa paroko wiki hii.

BabaMpya_Moshi: Shahidi ni kusimama tu kama mgeni? Ataona nimemdhalilisha.

Katekista_Mstaafu: Anasimama nanyi. Asichofanya ni kuahidi kumlea mtoto katika imani ya Kikatoliki, maana si yake. Mshumaa wa mtoto unawashwa kutoka mshumaa wa Pasaka na baba au msimamizi. Uwashe wewe, asiwepo wa kulalamika.

Jirani_Mbishi: Subirini. Mwezi uliopita huyu aliomba ushauri wa kutafuta mchumba. Leo ana mtoto wa miezi minne?

BabaMpya_Moshi: Akaunti tunatumia na mdogo wangu.

Mchagga_Halisi: Hadithi hiyo. Mlutheri gani atatoa ng'ombe kwa ubatizo wa Kikatoliki?

Mama_Pacha: Mjomba wangu alitoa wawili! Acheni ubishi. Gauni lina kofia?

BabaMpya_Moshi: Lina kofia na vifungo mgongoni.

Katekista_Mstaafu: Hata kama ni hadithi, wengine wanasoma. Mafuta ya wakatekumeni yanapakwa kifuani kabla ya maji, na vifungo vya mgongoni vitawatesa. Krisma inapakwa utosini baada ya maji, kwa hiyo kofia ivuliwe. Vazi jeupe ndipo linafuata, kisha mshumaa. Mpeleke na nguo nyepesi inayofunguka mbele, gauni mvisheni wakati huo.

BabaMpya_Moshi: Asante mzee. Mama yake anasema shangazi ana kipaimara, ila hawajasemeshana na huyo mzee wa ng'ombe tangu kesi ya shamba.

Jirani_Mbishi: Sasa ndiyo naamini.